Ua la Alizeti Machoni mwa Nyuki: Suala la Tathmini ya Malisho ya Nyuki Katika Ukanda wa Gatete, Rumonge

Ukanda wa Rumonge, ilimo Gatete, unajulikana kwa michikichi. Mchikichi hautegemei rangi ya ua. Uchavushaji wake hufanywa zaidi na fukusi wadogo wanaovutwa na harufu. Alizeti iliyopandwa kando ya michikichi hiyo ni jambo jingine, kwani humhitaji nyuki, na nyuki haioni kama mkulima anavyoiona.

Jicho la nyuki lina aina tatu za vipokezi vya mwanga, ambavyo wepesi wake wa kuhisi hufikia kilele karibu na nanomita 344, 436 na 544, yaani urujuanimno, buluu na kijani. Kwa binadamu, lenzi ya jicho huuzuia urujuanimno kabla haujafika kwenye retina. Hivyo petali za pembeni za alizeti, ambazo kwetu ni njano tupu, kwa nyuki zina sehemu mbili: ncha zinazoakisi urujuanimno, na vitako vinavyoufyonza kwa sababu ya kemikali za jamii ya flavonoli. Matokeo yake ni duara jeusi kwa urujuanimno lililozungukwa na pete angavu.

Hata hivyo, alama hiyo haimwiti nyuki kutoka mbali. Majaribio ya Giurfa na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba nyuki huitambua rangi pale tu kitu kinapochukua takriban nyuzi 15 za upeo wa macho yake. Kati ya nyuzi 5 na 15 hutumia kipokezi cha kijani pekee. Kwa ua lenye kipenyo cha sentimita 20, nyuki hulibaini kwa mara ya kwanza akiwa umbali wa mita 2.3 hivi, na rangi yake akiwa sentimita 76. Duara la ndani lenye sentimita 10 linahitaji ukaribu wa sentimita 38. Haya ni makadirio, kwani vipimo vilifanywa kwa visahani vya rangi moja, lakini yanatosha kuonyesha kwamba alama hiyo ni kiongozi cha kutua.

Anayetaka kuipiga picha hawezi kutumia simu ya kawaida. Huhitaji kamera iliyoondolewa kichujio chake cha ndani, lenzi ya kwazi, na kichujio kinachopitisha urujuanimno na kuzuia infraredi. Kosa la kawaida ni infraredi kupenya, nalo hugundulika upesi: majani mabichi yakitokea meupe, picha hiyo si ya urujuanimno, kwa kuwa majani huufyonza na yangepaswa kuwa meusi. Karatasi nyeupe nayo haifai kuwa kipimo cha weupe, kwani huufyonza vilevile. Kipande cha tefloni hufaa zaidi.

Hata picha sahihi huonyesha kipokezi kimoja tu kati ya vitatu. Ua jeupe linalofyonza urujuanimno hutokea jeusi pichani, ilhali kwa nyuki lina rangi iliyo wazi, mchanganyiko wa buluu na kijani. Orodha ya mimea ya malisho inayoliondoa ua hilo kwa sababu ya weusi wake pichani itakuwa imeondoa chakula cha nyuki.