Jot wa Texas: michoro michache, filamu nzima

Nukta nyeupe yenye uso, mikono na miguu: huyo ndiye Jot, mhusika wa katuni ya watoto iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1960 na Tume ya Redio na Televisheni ya Wabaptisti wa Kusini, mjini Fort Worth, jimboni Texas. Uchoraji ulikabidhiwa studio ya Keitz & Herndon ya mji jirani wa Dallas. Vipindi vilifikia 30, kila kimoja kikichukua takriban dakika 4 na nusu.

Muda huo waonekana mfupi, lakini filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Kipindi kimoja basi ni picha 6,480. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, kama ilivyo desturi, inabakia michoro 3,240, mzigo mzito kwa kikundi kidogo.

Nafuu huanzia katika umbo la mhusika. Jot hana shingo wala mavazi. Dhamiri inapomsuta, hubadilika umbo na rangi, na mtoto huielewa hali yake hata asiposogea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo werevu wa katuni hii.

Tuchukue mfano wa tukio la sekunde 10 la mhusika wa aina hiyo. Kwa sekunde 4 anatembea: michoro 12 ya hatua mbili, inayochukua sekunde moja, hurudiwa mara nne huku mandhari ikivutwa nyuma yake. Kwa sekunde 4 nyingine anazungumza. Mwili ni mchoro mmoja uliosimama. Juu yake hubadilishwa midomo 6 na macho 3 yaliyochorwa kwenye karatasi za plastiki angavu, kwa kufuata sauti iliyorekodiwa kabla. Kisha anashtuka: michoro 6 yapita kwa nusu sekunde, na wa mwisho hushikiliwa sekunde moja na nusu. Jumla ni michoro 28 badala ya 120.

Hata hivyo, hila hizi hujifichua upesi. Mguu uliokanyaga chini usiporudi nyuma kwa kasi ileile ya mandhari, mhusika huonekana akiteleza kama aliye juu ya barafu. Mkao ukishikiliwa mno, mtazamaji hudhani filamu imekwama; kufumba na kufumbua macho mara moja kwatosha kuuhuisha.

Kosa gumu zaidi kuligundua mezani ni la rangi. Kila karatasi angavu hufifisha kidogo iliyo chini yake, hivyo mdomo ukiongezwa katikati ya tukio, mwili mweupe hugeuka kijivu ghafla. Dawa yake ni kuweka karatasi tupu tangu mwanzo, ili idadi ya tabaka isibadilike hadi tukio limalizike.