Kungoja cheche ya poloni

Mwaka 1910 Ernest Rutherford na Hans Geiger walichapisha matokeo ya kazi moja ya kuchosha macho, iliyofanyika Manchester, Uingereza: kuhesabu cheche gizani. Kisahani kilichopakwa poloni kilirusha chembe za alfa kwenye kiwambo cha zinki salfaidi. Kila chembe iliyogonga ilitoa cheche ndogo ya mwanga, nayo ilionekana kwa hadubini. Muda wote waliugawa vipande 2,608 vya sekunde 7.5 kila kimoja, na kwa wastani kila kipande kilikuwa na cheche 3.87. Gawa 7.5 kwa 3.87, utapata wastani wa kungoja kati ya cheche na cheche: sekunde 1.94.

Cheche hizo hazikudondoka kwa mpigo mmoja kama matone ya bomba linalovuja. Mbili zilifuatana upesi, kisha kimya. Kimya hicho kina sheria yake, ambayo wanahisabati huiita mgawanyo wa eksponensia. Uwezekano wa kungoja zaidi ya muda t ni:

P(T > t) = e^(-t/m)

Hapa m ni wastani wa kungoja, na e ni namba iliyo karibu na 2.718. Weka 7.5 mahali pa t, na 1.94 mahali pa m. Jibu ni 0.021, yaani vipande viwili hivi katika kila mia. Kwa vipande 2,608, tungetarajia 54 vitupu kabisa. Wao walihesabu 57.

Msomaji makini atauliza: kipande hakikuanza pale cheche ilipotokea, kilianzia popote saa ilipofika. Mbona hesabu ikakubali? Kwa sababu kungoja huku hakuna kumbukumbu. Tuseme umeinamia hadubini sekunde 5 bila kuona kitu. Moyo unakwambia sasa imekaribia. Haijakaribia hata kidogo. Uwezekano wa kuvuka sekunde 5 ni 0.076, na wa kuvuka 7 ni 0.027. Gawa cha pili kwa cha kwanza, utapata 0.36, sawasawa na uwezekano wa kuvuka sekunde 2 kwa mtu aliyeketi sasa hivi. Kiini cha poloni hakizeeki. Tairi huzeeka, ndiyo maana hesabu hii haifai kwa tairi, wala kwa treni inayofuata ratiba.

Ukitaka kujua kama inakufaa, pima vingojeo vingi. Takribani 37 katika kila mia vinapaswa kuuzidi wastani, na vingi vitakuwa vifupi mno. Vikijazana karibu na wastani, kuna ratiba mahali fulani.

Wastani wenyewe pia lazima usibadilike. Poloni ile hupungua nusu kila siku 138, na kuhesabu kulichukua siku kadhaa, kwa hiyo walikuwa wakikisogeza kisahani karibu zaidi na kiwambo.