Je, Wajua? Punje ya mchele yamtosha mtoto

Floraidi hukinga jino kwa kuligusa. Asidi ya bakteria inapomomonyoa madini ya tabaka gumu la nje, floraidi iliyomo mateni huyasaidia kurudi. Ndiyo maana mtoto chini ya miaka 3 anahitaji dawa ya meno yenye nguvu karibu na ya mtu mzima, yaani angalau miligramu 1 ya floraidi kwa kila gramu (1000 ppm kwenye boksi). Kinachopungua ni kipimo: kiasi cha punje ya mchele, kisha cha njegere hadi miaka 6. Mtu mzima hutumia zaidi kwa sababu anajua kutema. Mtoto humeza, na floraidi nyingi iliyomezwa wakati meno ya kudumu yakijijenga ndani ya taya huyaachia madoa meupe au ya kahawia.

Mzazi wa Arusha, ambako maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi, ana haki ya kuuliza: kwa nini niongeze nyingine? Tupige hesabu. Punje ya mchele ni takriban gramu 0.1, hivyo ina miligramu 0.1 tu, hata ikimezwa yote. Lita moja ya maji yenye miligramu 3 ina mara 30 ya hiyo. Kinachofaa kubadilishwa hapo ni maji ya kunywa na kupikia. Kuyachemsha hakuondoi floraidi.