Umeme wa Nyumbani, Sehemu ya Tatu: Inveta na Saa za Bei Nafuu Ambazo Singida Haina

Wiki mbili zilizopita tulishughulika na paneli na betri. Leo tunaingia kwenye skrini ya inveta yenyewe, kwenye ukurasa unaoitwa `Time Of Use`, ambao mafundi wa sola mjini Singida, Manyoni na Kiomboi huuseti kwa namna moja karibu kila nyumba: betri ijazwe na umeme wa TANESCO kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri. Ukiuliza sababu unaambiwa usiku umeme ni rahisi.

Si rahisi. Mteja wa kawaida wa TANESCO aliye daraja la T1 hulipa bei ileile mchana na usiku. Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, yuniti moja ni shilingi 292. Ukijumlisha VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unapata shilingi 356 na senti kadhaa. LUKU haiulizi ni saa ngapi.

Mpango huo wa usiku wa manane una kwao. Uganda hupanga bei za wateja wa biashara na viwanda kwa mafungu matatu: saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ndiyo nafuu, mchana ni bei ya kati, na jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa sita usiku ndiyo ghali. Kenya nayo, tangu Desemba 2017, iliwapa wateja wakubwa wa biashara na viwanda nusu bei ya nishati kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa yuniti zilizozidi kiwango walichowekewa. Hata huko, mteja wa nyumbani hakuguswa na mpango huo ulipoanza. Shirika la umeme linatafuta mtu wa kutumia mitambo inayozunguka bure usiku, na huyo ni mwenye kiwanda, si mwenye friji moja.

Sasa tupige hesabu. Chukua nyumba ya T1 yenye inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya volti 51.2, Ah 100, yaani yuniti 5 na ushei, ambayo kila siku tunatumia yuniti 4 kati ya hizo. Umeme ukiingia kwenye betri na kutoka tena kupitia inveta, sehemu yake hupotea kama joto. Kwa mfumo mzuri hurudi kama asilimia 85. Kwa hiyo ili upate yuniti 4 asubuhi, usiku LUKU imekula 4.7. Pengo la 0.7 kwa bei ya 356 ni kama shilingi 250 kila usiku, shilingi 7,500 kwa mwezi, na hukupata chochote.

Aliye daraja la D1 huumia kwa njia nyingine. Yeye hulipa shilingi 100 kwa yuniti 75 za kwanza za mwezi na 350 kwa kila inayozidi, kabla ya makato. Mpaka wake ni wa mwezi, si wa saa. Nyumba inayotumia yuniti 70 ikiongezewa upotevu huo wa yuniti 21 inafika 91, na zile 16 zilizovuka mpaka zinalipiwa zaidi ya mara tatu.

Na betri inachakaa. Tuseme ilinunuliwa kwa shilingi milioni 2.4 na itavumilia mizunguko 6,000 ya yuniti 4: kila yuniti inayopita ndani yake imebeba shilingi 100 za betri. Siku TANESCO ikileta bei za saa, tuseme ya jioni ibaki 356, utoe 100 ya betri, kisha uzidishe kinachobaki kwa 0.85. Unapata 218. Bei ya usiku isiposhuka chini ya hapo, betri iache ilale.

Kuna hasara ya tatu, na kwa mkoa wenye jua kama wetu ndiyo inayonikera zaidi. Betri iliyojazwa usiku inakutana na asubuhi ikiwa imeshiba. Jua linapopanda, inveta haina pa kuweka umeme wa paneli zaidi ya matumizi ya wakati huo, kwa hiyo inazibana paneli. Umelipia LUKU ili usitumie umeme wa bure.

Je, ukurasa huu uzimwe? Hapana. Singida una kazi nyingine: kulinda akiba kwa ajili ya umeme unaokatika. Kwa inveta za Deye, ambazo zimeenea, nenda `Battery Setting`, weka alama kwenye `Grid Charge` na uandike 20 kwenye `A`. Ampea 20 kwa betri ya volti 51 ni kama kilowati moja, mzigo ambao laini ya nyumbani hubeba bila kulalamika hata pasi ikiwa imewashwa. Kisha nenda `System Work Mode`, washa `Time Of Use`, ujaze mistari sita hivi:

```
Grid   Time            Batt
[ ]    00:00 - 06:00   40%
[ ]    06:00 - 11:00   40%
[ ]    11:00 - 16:00   40%
[x]    16:00 - 18:00   60%
[ ]    18:00 - 22:00   40%
[ ]    22:00 - 00:00   40%
```

Safu ya `Batt` ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu ina kazi mbili. Penye alama ya `Grid`, ni kiwango ambacho TANESCO itaijaza betri mpaka ikifike. Pasipo alama, ni sakafu: betri italisha nyumba hadi hapo, kisha nyumba irudi kwenye gridi. Nimeona nyumba ambayo fundi aliandika 100% mistari yote bila alama hata moja. Betri ilikaa imejaa wiki nzima bila kutoa kitu, na mwenyewe akadhani ni mbovu. Umeme ukikatika, sakafu hiyo haihesabiwi. Betri hushuka mpaka kiwango cha `Shutdown`, na tofauti kati ya asilimia 40 na kiwango hicho ndiyo akiba yako.

Saa kumi jioni nimeichagua kwa sababu jua limeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Siku ya anga safi betri tayari imevuka 60% na TANESCO haiingizi kitu. Siku ya mawingu ya Januari au Februari, betri ikikutwa na 40%, inaongezewa yuniti moja kwa gharama isiyofika shilingi 400, na kwa ampea 20 saa moja na dakika chache zinatosha.

Kosa la kuchunguza ni saa. Inveta huhesabu kuanzia usiku wa manane, na fundi aliyeambiwa “saa kumi” akiandika 10:00, betri itaanza kunywa LUKU saa nne asubuhi jua likiwa linapanda. Saa ya inveta yenyewe pia huweza kupotea ikizimwa kabisa. Kuhakikisha, soma LUKU siku ya jua kali saa nne asubuhi na tena saa sita mchana, vyombo vizito vikiwa vimezimwa. Ikiwa yuniti nzima imeondoka, mpango wako unaenda kwa saa nyingine.

Wiki ijayo ni zamu ya wenye mashine za kukamua alizeti walio daraja la T2. Wao hulipa shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele chao cha mwezi, na kwao betri inaweza kupunguza bili hata bila bei za saa.