Je, Wajua? Anayekwepa macho si lazima awe mwongo

Mwaka 2006 yalichapishwa majibu ya watu wa nchi 58 walioulizwa mwongo hutambulikaje. Jibu lililoongoza: hakutazami usoni. Lakini utafiti kuhusu uongo unaonyesha kwamba macho ni shahidi dhaifu. Wapo waongo wanaokukazia macho kusudi uwaamini.

Kule Newala au Masasi, babu akimuuliza mjukuu nani kaacha korosho zikanyeshewa, kijana hujibu akitazama chini. Hiyo ni adabu. Kumkodolea mkubwa macho ndiyo ingekuwa kesi ya pili.

Sasa babu amuulize walipima kilo ngapi ghalani msimu uliopita. Macho yataruka darini au pembeni, kisha yatarudi jibu likipatikana. Uso wa mtu una mengi ya kusoma, na ubongo unaopiga hesabu huukimbia kwa muda. Swali likizidi ugumu, macho nayo huzidi kukimbia.

Kwa mwenye ualbino, sababu yaweza kuwa jicho lenyewe: mwanga humuumiza, na mboni huchezacheza bila yeye kutaka. Na baadhi ya wenye usonji husikiliza vizuri zaidi wasipokutazama.