Mafuta ya shea kwenye ngozi nyeti: nini hutokea, na lini

Kampala mafuta ya shea huuzwa kwa sura mbili. Kuna yale yanayochotwa ndooni katika soko la Owino, ya manjano yaliyofifia, yenye harufu ya njugu iliyokaangwa na moshi kidogo. Wanaoyaleta kutoka Lira na Kitgum huyaita moo yaa. Kuna pia yale yaliyopigwa mashine mpaka yakajaa hewa, yakatiwa harufu ya lavenda na kufungwa katika kopo zuri lililoandikwa kwamba ni ya ngozi nyeti. Wenye ngozi inayowasha na kubabuka kwa urahisi huniuliza wachukue yapi. Maneno yaliyoandikwa kwenye kopo hayatusaidii kujibu, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuyaandika bila kupima lolote. Kinachosaidia ni kuyajaribu mafuta kwa utaratibu na kuandika kilichoonekana pamoja na wakati kilipoonekana.

Kwanza tujue tunajaribu nini. Mti wa shea wa kaskazini mwa Uganda ni ndugu wa ule wa Ghana na Burkina Faso, lakini mafuta yake yana asidi ya oleiki nyingi zaidi, kwa kawaida zaidi ya nusu. Ndiyo maana ya Uganda hulainika yakiwa mezani tu, ilhali ya Afrika Magharibi huhitaji kusuguliwa kiganjani kwanza. Basi anayeona ulaini huo asidhani amechanganyiwa mafuta ya kupikia. Asidi hiyohiyo ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu, kwani ikiwa nyingi inaweza kulegeza mafuta ya asili yanayoshikilia ukuta wa ngozi. Mzio wa shea yenyewe ni nadra sana, lakini ngozi iliyopasuka au inayotoa maji siianzishii mafuta haya, wala ya mtoto mchanga.

Tumchukue mwalimu wa shule ya awali anayeishi Ntinda, mwenye ukurutu wa tangu utotoni ambao sasa umetulia, ila miguu humkauka na kuwasha. Amenunua aina zote mbili. Anapaka ya kawaida upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na ya lavenda mahali hapohapo mkono wa kulia. Kiasi ni punje moja ya maharagwe, eneo la upana wa vidole vitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili iwapo hakuna kitakachomlazimu kuacha mapema. Muda wote huo habadilishi sabuni. Watu wengi hukosea hapa: wananunua mafuta mapya, siku hiyohiyo wanaacha sabuni yenye marashi, na ngozi ikitulia sifa zote zinakwenda kwa mafuta.

Siku ya kwanza, dakika chache baada ya kuoga, mkono wa kulia unachoma kidogo, na baada ya robo saa umetulia. Mchomo wa namna hii ni wa muwasho wa papo kwa papo. Unaweza kumpata yeyote aliyepaka kitu chenye harufu juu ya ngozi iliyotoka kusuguliwa, na peke yake hautoshi kumfanya mtu aseme ana mzio. Anauandika, anaendelea.

Siku ya tano asubuhi, mkono huohuo unawasha. Akiutazama haoni wekundu, na kwenye ngozi nyeusi asitegemee kuuona: kinachojitokeza ni weusi unaoelekea zambarau au kijivu, tena huonekana vizuri kwenye mwanga wa dirishani. Vidole vyake vinamweleza zaidi kuliko macho, kwa kuwa pale pamekuwa na vipele vidogo vya kukwaruza na joto kidogo. Anaacha kupaka. Kesho yake hali inazidi, na vipele vinavuka mpaka wa eneo alilopaka. Mambo mawili haya, kuchelewa kwa siku kadhaa na kuendelea kupanda baada ya kuacha, ndiyo yanayonifanya nifikirie mzio wa mguso. Muwasho wa kawaida huanza kupungua kilichouleta kikiondolewa.

Hata hivyo hawezi kuandika kwamba lavenda ndiyo iliyomdhuru. Kemikali za harufu hiyo hugeuka zikipigwa na hewa, na zikishageuka huamsha mzio kwa baadhi ya watu, hivyo nazishuku mimi pia. Lakini kopo lina viungo vingine. Kumjua mwenye kosa ni kazi ya kipimo cha hospitali, ambapo viungo hubandikwa mgongoni kimoja kimoja kwa saa 48, kisha ngozi husomwa bandeji zikitolewa na tena siku mbili au zaidi baadaye.

Mkono wa kushoto wiki mbili zimepita bila chochote. Sasa anaweza kuyapeleka mafuta ya kawaida miguuni, na hapo inafaa kukumbuka kwamba shea haina maji. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo ngozini yasitoroke, kwa hiyo hupakwa dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ulaini atauhisi siku hiyohiyo. Magamba na mwasho wa ukavu huchukua wiki moja au mbili kupungua. Kuhusu hali ya ngozi kwa jumla, asitoe hukumu kabla ya wiki nne, kwani ngozi ya juu huhitaji takriban muda huo kujibadilisha. Angepaka mguu mmoja shea na mwingine mafuta ya mgando ya bei nafuu, huenda asingeona tofauti kubwa zaidi ya harufu, na hilo nalo ni jambo la kuandika.

Wiki ya tatu anagundua vipele vidogo vigumu kwenye paji la uso, karibu na nywele, kwa sababu alikuwa akipaka shea hiyohiyo kichwani. Haviwashi. Huu si mzio, ni vinyweleo vilivyoziba, na vitahitaji wiki kadhaa kuondoka baada ya kuyaweka mafuta mbali na paji. Alama nyeusi ya mkono wa kulia itachelewa zaidi, pengine miezi.

Maelezo yake ya mwisho yangekuwa mafupi: ya kawaida yalipunguza ukavu wa miguu, hayakuleta mwasho mkononi kwa wiki mbili, yaliziba ngozi ya paji; ya lavenda yalileta vipele siku ya tano. Kwamba shea huponya ukurutu au kufuta makovu, hakuna alichokiona kinachoruhusu kusema hivyo.

Mafuta ninayoyaogopa kuliko yote ni yale yanayosifiwa kwa kasi. Krimu isiyo na lebo ya kueleweka inayokata mwasho wa miaka kwa siku mbili tatu, ikang'arisha na ngozi, naishuku kuwa na steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni na zebaki, ambazo Shirika la Viwango la Uganda limezipiga marufuku katika vipodozi. Dalili za steroidi ni ngozi kuwa nyembamba, mishipa kuanza kuonekana, na mwasho kurudi kwa nguvu zaidi siku chache baada ya kuacha. Aliyeitumia kwa miezi asiache ghafla bila msaada. Alibebe kopo lenyewe, hata kama limekwisha, aende nalo kwenye kliniki ya ngozi.