Sifuri Ambayo Fundi Hakuiomba

Fundi wa sauti anataka kichujio cha dijitali kitakachozuia besi na kupitisha sauti nyembamba. Sauti yake imerekodiwa kwa sampuli 48,000 kila sekunde, naye anataka masafa yote yaliyo juu ya hezi 8,000 yapite. Anaandika kwa lugha ya Python, akitumia maktaba ya SciPy:

```
firwin(64, 8000, fs=48000, pass_zero=False)
```

Kompyuta inakataa. Akibadilisha 64 kuwa 65, inakubali papo hapo.

Kichujio cha namna hii huitwa FIR, na kazi yake ni nyepesi kuielewa. Huchukua sampuli kadhaa zinazofuatana, huzidisha kila moja kwa namba yake, kisha hujumlisha majibu. Hiyo 64 ni idadi ya namba za kuzidishia. Namba hizo zikipangwa ziwe linganifu, yaani zisomeke vilevile kutoka mwanzo na kutoka mwisho, masafa yote yanayopita huchelewa kwa muda uleule, na umbo la wimbi halivurugiki kwa baadhi ya masafa kutangulia mengine. Upo pia ulinganifu wa kinyume, ambapo nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa na kubadilishwa alama, chanya ikawa hasi. Huo nao huchelewesha masafa yote sawasawa, ila huongeza msogeo wa robo ya mzunguko kwa kila wimbi. Idadi ya namba yaweza kuwa witiri au shufwa. Aina nne zinatokana na hapo tu.

Sasa tazama kilichomkwamisha fundi. Masafa ya juu kabisa yanayoweza kubebwa na sampuli 48,000 ni nusu yake, hezi 24,000. Wimbi la masafa hayo hubadili alama kila sampuli: 1, −1, 1, −1. Lipitishe kwenye kichujio kidogo chenye namba 1, 3, 3, 1. Jumla ni 1 − 3 + 3 − 1, yaani sifuri. Weka namba nyingine zozote, mradi ziwe linganifu na idadi yake shufwa, na jibu halitabadilika, kwa sababu kila namba hukutana na pacha wake akiwa na alama ya kinyume. Hiyo ndiyo aina ya pili: lazima inyamazishe kilele cha masafa. Inafaa kabisa kwa kupitisha besi, lakini kwa kazi ya fundi wetu haifai hata akitumia namba elfu moja. Njia nyingine ya usanifu ikimruhusu kuendelea na 64, atakapochora mwitikio wa kichujio ataona mstari ukiporomoka hadi sifuri pale pale kwenye 24,000. Amri ya `fir1` katika MATLAB humwepusha mtumiaji na shimo hilo kwa kuongeza namba moja yenyewe.

Namba zikiwa witiri, kama 1, 3, 1, ile ya katikati haina pacha wa kuifuta, na jumla ni −1. Aina hii ya kwanza hailazimishwi sifuri popote, ndiyo maana 65 ilikubaliwa.

Kwa ulinganifu wa kinyume, kinachozimwa kwanza ni kile kisichobadilika kabisa, yaani masafa ya sifuri. Namba 1 na −1 zikipewa thamani isiyobadilika, jumla ni sifuri. Zikipewa wimbi la kilele, jumla ni 2. Hiyo ni aina ya nne. Aina ya tatu, kwa mfano 1, 0, −1, ina idadi witiri, na ya katikati lazima iwe 0 kwa kuwa hakuna namba nyingine iliyo sawa na kinyume chake. Hii huzima ncha zote mbili, ya chini na ya juu.

Kwa nini basi mtu achague aina iliyofungwa pande zote mbili? Pan na Tompkins, waliochapisha mwaka 1985 njia yao ya kutambua mapigo ya moyo kwenye ECG, walihitaji kupima jinsi wimbi linavyopanda na kushuka kwa kasi. Walitumia namba tano zenye 0 katikati, aina ya tatu, kwa sampuli 200 kila sekunde. Sifuri zake ziko kwenye hezi 0 na hezi 100, ilhali kichujio hicho kinahitajika kupima mwinuko kwa usahihi hadi hezi 30 hivi tu. Kile cha juu kilichopotea hawakukihitaji. Walichopata ni ucheleweshaji wa sampuli mbili kamili, milisekunde 10, ambao ni rahisi kuufidia unapotaka kuonyesha pigo lilitokea wapi kwenye wimbi la asili. Aina ya nne ingewapa ucheleweshaji wenye nusu ya sampuli, na mahali pa nusu hiyo hakuna kipimo kilichohifadhiwa.